Kwa Nini Ndege Huzunguka Kabla ya Kutua, na Kwa Nini Geti Huwa Bado Lina Ndege Nyingine

Abiria anayetoka Nairobi kwenda London anaweza kukutana na subira mbili katika saa ya mwisho ya safari yake. Ya kwanza huwa angani, kusini-mashariki mwa jiji, ambapo ramani iliyo mbele ya kiti chake inaonyesha ndege ikichora duara lililorefuka, ikilimaliza na kulianza upya. Ya pili huwa ardhini: ndege imekwisha kutua salama, imetembea hadi karibu na jengo la abiria, kisha inasimama, na rubani anatangaza kwamba geti walilopangiwa bado lina ndege nyingine. Watu wengi huzichukulia subira hizi mbili kuwa kitu kimoja, yaani uzembe wa uwanja. Kwa kweli zinatofautiana sana. Ile ya angani imepangwa kwa makusudi, na ile ya ardhini hutokea pale mpango unapoharibika. Isitoshe zimefungamana, kiasi kwamba mara nyingi abiria hukosa geti siku ileile ambayo hakuzungushwa angani hata kidogo.

Uwanja wa Heathrow unafaa kuliko viwanja vingi kuelezea jambo hili, kwa sababu kule kuzungusha ndege ni sehemu ya kazi ya kila siku. Heathrow ina njia mbili za kurukia na kutulia, zilizolala sambamba kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa sehemu kubwa ya siku njia moja hutumika kwa kutua na nyingine kwa kuruka, na saa 9 alasiri hubadilishana kazi ili wakazi wa pande zote wapate nafuu ya kelele. Sheria imeweka kikomo cha kuruka na kutua mara 480,000 kwa mwaka, ambayo ni zaidi ya 1,300 kwa siku, na uwanja hufanya kazi karibu kabisa na kikomo hicho. Kwa hiyo karibu ndege zote zinazofika wakati wa mchana zinashindania njia moja tu.

Njia hiyo moja ina kasi yake ya kumeza ndege, na kasi hiyo inatokana na hewa. Kila ndege inayopaa huacha nyuma ya ncha za mabawa yake mikondo miwili ya hewa inayozunguka kwa nguvu, na kadiri ndege inavyokuwa nzito ndivyo mikondo hiyo inavyokuwa mikali na kudumu. Ndege inayofuata ikiingia humo inaweza kubiruliwa upande mmoja ghafla, na ikiwa chini karibu na ardhi rubani hana nafasi ya kuirekebisha. Ndiyo maana waongoza ndege hulazimika kuacha umbali maalumu kati ya ndege na ndege. Kwa kanuni za kawaida za kimataifa, ndege kubwa inayoifuata ndege kubwa nyingine huachiwa maili 4 za baharini, na ndege ya ukubwa wa kati inayofuata ndege kubwa huachiwa maili 5. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852.

Sasa tupige hesabu. Ndege zinazokaribia Heathrow huagizwa kushika mwendo wa maili 160 za baharini kwa saa hadi zikaribie maili 4 kutoka mwanzo wa njia. Kwa mwendo huo, umbali wa maili 4 huchukua sekunde 90. Tukichukulia kwamba ndege zote ni kubwa, zitatua 40 kwa saa, hazitazidi. Lakini mwendo huo wa 160 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Siku ambayo upepo wa mbele una nguvu ya maili 40 kwa saa, ndege ileile inasonga juu ya ardhi kwa maili 120 tu, na zile maili 4 zinachukua dakika 2 kamili. Kutoka ndege 40 tumeshuka hadi 30, ilhali hakuna mvua, hakuna ukungu, na abiria anayetazama dirishani anaona anga jeupe. Kwa sababu hiyohiyo, mwaka 2015 waongoza ndege wa Heathrow walianza kupima nafasi hizo kwa muda badala ya umbali. Upepo mkali wa mbele huisambaratisha mikondo ile upesi zaidi, na hivyo ndege zinaweza kusogezwa karibu kidogo bila kuongeza hatari. Utaratibu huo ulirudisha sehemu ya nafasi za kutua zilizokuwa zikipotea siku za upepo, ingawa haukuzirudisha zote.

Hapo ndipo swali la kuzunguka linapoanza kupata jibu. Ndege zinazofika kutoka Nairobi, Singapore, New York na Edinburgh haziwezi kupangwa tangu mbali ziwasili moja kila baada ya sekunde 90. Safari ya saa nane au tisa inabadilishwa na pepo za njiani kwa dakika kumi au ishirini, huku au kule. Kama waongoza ndege wangejaribu kuzipokea jinsi zinavyofika, kungekuwa na dakika ambazo njia ya kutua iko tupu na dakika nyingine ambazo ndege tatu zinaitaka kwa pamoja. Nafasi iliyopita tupu haihifadhiwi wala hairudi. Kwenye uwanja wenye nafasi za ziada hilo si tatizo, lakini Heathrow haina nafasi za ziada. Kwa hiyo huwekwa akiba ndogo ya ndege karibu na uwanja, tayari kuchukuliwa. Mwenye mashine ya kusaga hufanya vivyo hivyo anapohakikisha mdomo wa mashine una mahindi wakati wote, ili jiwe lisizunguke bure.

Akiba hiyo hukaa katika sehemu nne zinazolizunguka jiji la London: Bovingdon kaskazini-magharibi, Lambourne kaskazini-mashariki, Ockham kusini-magharibi, na Biggin kusini-mashariki. Ndege zinazotoka upande wa Afrika Mashariki kwa kupitia Ulaya bara kwa kawaida hupokelewa Biggin. Kila sehemu ni safu ya mizunguko iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, ikitenganishwa kwa futi 1,000, na wa chini kabisa ukiwa kwenye futi 7,000 hivi. Ndege mpya huingia juu. Ile ya chini inapotolewa kwenda kutua, zote zilizobaki hushushwa daraja moja, moja baada ya nyingine.

Umbo la mzunguko wenyewe ni sahili: mstari ulionyooka, kona ya kugeuka nusu duara, mstari mwingine wa kurudi, na kona nyingine. Chini ya futi 14,000 mstari ulionyooka huchukua dakika 1. Katika vitabu vya mafunzo kila kona nayo huhesabiwa dakika 1, na jumla inakuwa dakika 4. Hata hivyo ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kulala zaidi ya nyuzi 25 inapogeuka hapo, na kwa mwendo wake kona moja huchukua karibu dakika moja na nusu. Mzunguko mmoja basi huwa karibu dakika 5, na katika dakika hizo ndege husafiri takribani maili 20 za baharini. Mtu anaweza kuuliza kwa nini isipunguze mwendo tu badala ya kuzunguka. Hupunguza, lakini kuna mpaka. Ndege ya abiria iliyokunja flapi zake, yaani vibawa vya nyuma ya mabawa vinavyofunguliwa wakati wa kwenda polepole, inahitaji mwendo wa maili 200 za baharini kwa saa na zaidi ili hewa iendelee kuibeba vyema. Haiwezi kusimama angani, kwa hiyo inapewa mahali pa kutembea bila kufika popote.

Abiria anaweza kuisoma foleni hiyo kwenye ramani ya kiti chake, na hapa nadhani skrini ile inaeleza zaidi kuliko matangazo mengi. Kama kila mzunguko unapoisha kimo kinashuka, mathalani kutoka futi 10,000 hadi 9,000 na kisha 8,000, foleni inasonga na zamu iko karibu. Kama mizunguko miwili imepita na kimo ni kilekile, foleni imekwama, na yawezekana sababu ni ukaguzi wa njia ya kutua au mvua ya radi iliyokaa juu yake. Na kama ndege inaacha mzunguko kwa mstari ulionyooka huku kimo kikipanda, uwezekano mkubwa ni kwamba inaelekea uwanja mwingine. Jambo moja lisimtie mtu wasiwasi, nalo ni kuona ndege iliyofika baadaye ikiitwa kwanza. Waongoza ndege huchota kutoka safu zote nne na hupenda kuziweka ndege nzito pamoja na za kati pamoja, kwa sababu kila mara ndege ya kati inapoifuata nzito, nafasi inayohitajika hurefuka. Ukizipanga mbili nzito kisha mbili za kati, unapoteza nafasi moja ndefu. Ukizichanganya kwa kupokezana, unazipoteza mbili.

Urefu wa kusubiri nao hukokotolewa kirahisi. Tuseme njia inameza ndege 40 kwa saa, na katika saa moja zimefika 44. Zile nne zilizozidi zinahitaji nafasi nne za sekunde 90, kwa hiyo ya mwisho inasubiri dakika 6. Saa inayofuata zikifika tena 44, ziada inakuwa nane na subira inakuwa dakika 12. Kila safu kati ya zile nne inakuwa na ndege mbili tu, na bado abiria wa ndege ya mwisho wanazunguka zaidi ya mara mbili. Tofauti ndogo kati ya zinazofika na zinazotua inatosha kuzaa subira inayoonekana, na haipungui mpaka ije saa yenye ndege chache. Hii pia ndiyo sababu upepo wa asubuhi unaweza kuwachelewesha abiria wa alasiri, wakati upepo wenyewe umeshatulia.

Je, kwa nini ndege isingoje Nairobi, injini zikiwa zimezimwa? Ndani ya Ulaya jambo hilo hufanyika. Ofisi ya Eurocontrol mjini Brussels, inayosimamia mtiririko wa ndege wa bara zima, inapoona uwanja fulani utazidiwa, huzipa ndege ambazo bado hazijaruka saa maalumu ya kuondoka. Ndege ya Madrid au Frankfurt hungojea kwao. Ila utaratibu huo hauzigusi ndege zinazoondoka nje ya eneo linalosimamiwa, na Nairobi iko nje. Hata kama ingekuwa ndani, makisio ya saa tisa kabla yasingekuwa na usahihi wa kutosha kuamua dakika kumi. Kilichowezekana ni kitu cha katikati. Tangu mwaka 2014 waongoza ndege wa Uingereza wamekuwa wakishirikiana na wenzao wa nchi jirani, ili foleni inapotabiriwa kuwa ndefu, ndege ziombwe kupunguza mwendo zikiwa bado umbali wa hadi maili 350 za baharini kutoka London. Dakika chache za kusubiri hutumika zikiwa juu kabisa, ambako injini hunywa mafuta kidogo kuliko zikiwa chini. Abiria hatambui lolote isipokuwa saa ya kufika kwenye skrini inayosogea taratibu.

Mafuta ndiyo yanayoweka kikomo kwa yote haya. Ndege haiondoki Nairobi na mafuta ya kufika London tu. Juu ya mafuta ya safari huongezwa ya dharura za njiani, kwa kawaida asilimia 5 ya mafuta ya safari, kisha ya kwenda uwanja wa akiba, kama vile Gatwick au Stansted, na mwisho kabisa akiba ya kukaa angani dakika 30 ambayo haitakiwi kuguswa katika safari ya kawaida. Rubani anayejua tabia ya Heathrow huongeza mengine kwa ajili ya mizunguko. Anapokuwa Biggin anajua dakika anazoweza kusubiri kabla ya kulazimika kuamua kwenda kwingine, na uamuzi huo huchukuliwa mapema, tangi likiwa bado na mafuta ya kutosha kwa safari hiyo ya ziada.

Ukali wa kanuni hizo una historia. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52, aina ya Boeing 707, ilikuwa ikitoka Bogotá kwa kupitia Medellín kwenda uwanja wa John F. Kennedy, New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na ndege ilizungushwa mara tatu katika sehemu tofauti, jumla ya saa 1 na dakika 17. Marubani waliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanawaishia na kwamba wanahitaji kupewa kipaumbele, lakini hawakutumia neno la kutangaza hali ya dharura. Waongoza ndege waliendelea kuwahudumia kama wengine. Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana, na walipokuwa wakirudi kwa jaribio la pili injini zilizimika kwa kukosa mafuta. Ndege ilianguka Cove Neck, katika kisiwa cha Long Island, na watu 73 kati ya 158 walipoteza maisha. Leo lugha hiyo imewekewa ngazi mbili zilizo wazi. Rubani hutangaza kwanza kwamba mafuta yamefika kiwango cha chini, maana yake hawezi kuvumilia ucheleweshaji mwingine wowote. Akiona kwamba atatua na pungufu ya ile akiba ya dakika 30, hutangaza meidei ya mafuta, na hapo wengine wote humpisha.

Kwa ndege za usiku kuna sababu nyingine ndogo ya kuzunguka ambayo haihusiani na wingi wa ndege. Kati ya saa 5:30 usiku na saa 12 asubuhi idadi ya ndege zinazoweza kutua Heathrow hubanwa sana ili watu walale. Ndege ambayo ratiba yake ni baada ya saa 12, ikisukumwa na upepo mzuri na kuwahi, inaweza kukuta mlango bado haujafunguliwa. Mlango ukifunguliwa njia zote mbili huweza kutumika kwa kutua katika saa hiyo ya kwanza, na msongamano hupungua upesi.

Sasa tushuke chini. Mashirika ya ndege yanajua vizuri kwamba Heathrow huzungusha, na huingiza dakika hizo katika ratiba. Muda wa safari unaoandikwa kwenye tiketi haupimwi kutoka kuruka hadi kutua. Hupimwa kutoka ndege inapoanza kusukumwa nyuma getini hadi inaposimama na kufunga breki kwenye geti la mwisho, na hukadiriwa kwa kuangalia safari nyingi zilizopita, pamoja na mizunguko yake. Ndani ya tiketi ya Nairobi hadi London, kwa hiyo, tayari kuna dakika kadhaa za Biggin. Siku ambayo hakuna foleni, dakika hizo zinabaki mkononi, na ndege inafika kabla ya saa yake.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye namba za kawaida. Ndege iliyoondoka Nairobi asubuhi imepangwa kufika getini saa 10:00 jioni kwa saa za London. Ratiba yake imebeba dakika 14 za kuzunguka. Geti lake kabla ya hapo lina ndege nyingine inayotakiwa kuondoka saa 9:35, na mpangaji wa mageti ameacha dakika 25 katikati, nafasi ambayo kwa kawaida inatosha. Leo hakuna foleni Biggin. Ndege ya Nairobi inapita moja kwa moja, inatua saa 9:38, inatembea dakika 8 na kufika mbele ya geti saa 9:46. Kama ile nyingine ingekuwa imeondoka kwa wakati, hakungekuwa na neno. Lakini ndege ile inakwenda Ulaya kusini, na Brussels imeipa saa ya kuondoka inayoisogeza mbele: itasukumwa nyuma saa 9:58. Baada ya kusukumwa inahitaji dakika chache za kuwasha injini, kufungua kigari cha kusukumia na kusogea. Ndege ya Nairobi inaingia getini saa 10:05. Ilitua dakika 22 kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na kwenye vitabu imechelewa dakika 5.

Ndani ya mfano huo kuna mgongano ambao haujapatiwa dawa kamili. Zamani ndege yenye kuchelewa kuruka ilitoka getini, ikawasha injini na kupanga foleni karibu na njia ya kurukia. Geti lilipatikana mapema, lakini mafuta mengi yalichomwa bure na barabara za ndani ya uwanja zilijaa. Siku hizi uwanja, mashirika na waongoza ndege hubadilishana habari kwa wakati uleule, na kila ndege hupewa dakika yake ya kuwasha injini. Ikiwa dakika hiyo haijafika, inabaki getini, injini zikiwa kimya. Ni utaratibu mzuri, na mimi binafsi naona umeleta manufaa makubwa kuliko hasara. Hata hivyo subira ambayo zamani ilikaa kwenye barabara za uwanja sasa inakaa getini, na anayeilipa ni ndege inayofika.

Si kila ndege iliyochelewa kutoka getini imezuiwa na Brussels. Pengine abiria aliyekwisha kukabidhi mzigo hakupanda, na mzigo wake lazima utafutwe tumboni mwa ndege na kushushwa. Pengine fundi anasubiri kipuri, au kigari cha kusukumia kiko kwa ndege nyingine. Au ndege iko tayari kabisa lakini nyuma yake, katika uchochoro unaohudumia mageti kadhaa, nyingine imesimama ikiwasha injini, na mpaka ile isogee hakuna anayetoka wala anayeingia. Sababu hizi zote zina sura moja ukizitazama ukiwa kitini: geti limeshikwa.

Abiria aliye dirishani huona mageti mengine matupu, na swali lake ni la haki. Sababu ya kwanza ya kutopelekwa huko ni ukubwa. Boeing 787 ina upana wa mabawa wa mita 60 hivi, ilhali Airbus A320 haizidi mita 36, na geti la ndege ndogo haliwezi kuipokea kubwa bila mabawa kugusana na jirani. Ya pili ni wakati. Geti tupu mara nyingi lina mwenyewe ambaye yuko angani akishuka, na ukilitoa, unahamisha tatizo badala ya kulimaliza. Ya tatu ni ndege yenyewe inakokwenda baadaye. Baada ya saa mbili itakuwa ikipakia abiria wengine, ambao tayari wameelekezwa upande fulani wa jengo, pamoja na mizigo, chakula na wafanyakazi wao. Kuihamisha kunawezekana, lakini hufanyika pale tu subira inapotarajiwa kuwa ndefu.

Kuna hali nyingine ambayo rubani asipoieleza vizuri huleta manung'uniko zaidi: geti lenyewe ni tupu, ndilo hasa, na ndege imesimama mbele yake. Ndege haiingii getini kwa macho ya rubani peke yake. Mbele yake ukutani kuna taa za kumwelekeza, zinazomwonyesha kama yuko katikati ya mstari na mita ngapi zimebaki. Kabla ya kuziwasha, mtu wa chini hupaswa kukagua kwamba hakuna kigari, kamba wala kipande cha chuma kinachoweza kumezwa na injini, na kwamba daraja la abiria limerudishwa nyuma. Taa zikiwa zimezimwa, rubani haruhusiwi kuingia. Ndege ikifika dakika 15 kabla ya saa, kundi hilo la watu huenda bado liko kwenye ndege nyingine. Katika tangazo, maneno ya kusubiri kuongozwa yanaashiria hali hii, nayo kwa kawaida huisha upesi kuliko ile ya geti kuwa na ndege ndani.

Wengine hupendekeza kwamba ndege isiyo na geti ingeachwa tu angani. Mwongoza ndege aliye na jukumu la njia ya kutua hafanyi hivyo kwa ndege mojamoja, na ana sababu. Kumwacha mmoja Biggin kwa ajili ya geti kunavuruga foleni nzima, kunachoma mafuta mengi zaidi kuliko kusimama ardhini, na kunapunguza akiba ya usalama. Hali hubadilika pale mageti yanapojaa kwa wingi. Tarehe 18 Desemba 2010 theluji nzito ilianguka Heathrow, na katika siku zilizofuata kusafisha njia za kutulia hakukuwa ndiyo kazi ngumu zaidi. Kazi ilikuwa kwenye maegesho, ambako ndege zilizoshindwa kuondoka zilikuwa zimezungukwa na barafu. Mashine kubwa za kusafishia hazipiti kati ya ndege zilizoegeshwa, na kwa hiyo sehemu nyingi zililazimu kusafishwa kidogo kidogo. Hata njia ya kutulia ilipokuwa wazi, ndege za kutua hazikuwa na mahali pa kwenda, na uwanja ulikuwa na huduma finyu kwa siku kadhaa kuelekea Krismasi.

Katika siku ya kawaida uamuzi wa mwisho huwa kwa mpangaji wa mageti, na anachopima ni muda. Kama ndege iliyo getini inaahidi kutoka ndani ya dakika kumi, abiria watasubiri. Kama ahadi hiyo imesogezwa mara mbili, au fundi amefungua kifuniko cha injini, ndege inayofika hupelekwa kwenye maegesho ya mbali, ngazi zinaletwa na mabasi yanachukua watu. Ngazi na mabasi navyo vinahitaji madereva, na kuwakusanya abiria 250 na zaidi kwa mabasi kunachukua muda mrefu kuliko kuwapitisha kwenye daraja. Kwa hiyo hutokea ndege ikasimama dakika 15 karibu na jengo huku mahali pa mbali pakiwa wazi, na mpangaji akawa sahihi. Mwenye ndege ya kuunganisha afanye hesabu yake kuanzia saa ya kufungwa breki, kwa sababu mlango haufunguliwi kabla ya hapo, hata kama magurudumu yaligusa ardhi nusu saa nzima kabla.